Slaidi 20, sekunde 20: namna ya kupanga pecha kucha yenye hadithi moja

Kila nikimsaidia mtu kuandaa pecha kucha naulizwa maswali yale yale. Niandike maneno mangapi? Nianze na picha au na maneno? Nikibaki nyuma nifanyeje? Na lile linalokuja siku mbili kabla ya tukio: nina slaidi 34, nipunguze zipi? Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, basi nayaandika.

Kwa asiyeijua: pecha kucha ni wasilisho la slaidi 20, kila moja inakaa sekunde 20 kisha inaondoka yenyewe. Jumla ni sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Mtindo huu ulianzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, waliotaka wenzao waonyeshe kazi zao bila kushika kipaza sauti usiku kucha. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake soga.

Lisilosemwa sana ni kwamba muda si tatizo kubwa. Muda unaseti mara moja na kompyuta inaulinda. Tatizo ni kwamba slaidi 20 zinakushawishi useme mambo 20, na msikilizaji akipewa mambo 20 kwa dakika saba hatoki na hata moja. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Vikaratasi 20 vidogo, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Nasema 20, si 25. Ukiwa na vya ziada utavijaza. Kalamu nene, ili usiweze kuandika mengi. Simu yenye saa ya kupima sekunde na ya kurekodi sauti. Programu ya slaidi uliyoizoea, ila usiifungue bado. Na tukio au jambo moja unalolijua kwa mikono yako mwenyewe, lenye mahali lilipoanza na mahali lilipoishia. "Umuhimu wa kitu fulani" hauwezi kuwa pecha kucha, kwa sababu hauna mwanzo wala mwisho.

Mfano nitakaoutumia ni wa mzee mmoja mstaafu niliyemsaidia. Alitaka kuzungumzia saa yake ya ukutani, ile ya zamani yenye pendulamu inayobembea, iliyokuwa ikisimama kila usiku. Alikuja na slaidi 34: historia ya saa, aina za saa, sehemu za saa, picha za baba yake aliyeinunua, na huko mwisho kabisa, slaidi tatu za jinsi alivyogundua kwa nini ilikuwa inasimama. Nilipozifikia hizo tatu nikajua hotuba ni hiyo.

Hatua ya 1: Pima mwendo wako wa kusema

Chukua maandishi yoyote, yasome kwa sauti kwa dakika moja kama unavyozungumza na watu, hesabu maneno, gawa kwa tatu. Hiyo ndiyo idadi ya maneno yako kwa sekunde 20. Mimi husema maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo yangu ni 33. Usichukue hesabu za watu wa lugha nyingine. Neno letu moja kama "nikairudisha" linabeba kazi ya maneno manne ya wengine, na linachukua muda wake mdomoni.

Sasa toa robo. Maneno ya kuandika yasizidi sekunde 15 au 16. Zinazobaki ni za pumzi, za kicheko cha watu, na za macho yao kuizoea picha mpya. Kwangu mimi hiyo ni maneno 25 hivi. Kidogo, najua. Ndiyo maana hatua inayofuata haiwezi kurukwa.

Hatua ya 2: Andika hadithi yote kwa sentensi moja

Sentensi hiyo lazima iwe na mtu aliyetaka kitu, kilichomzuia, na kilichogeuka. Mzee alianza na hii: "Nitazungumzia saa za pendulamu na changamoto zake." Hiyo ni kichwa cha somo. Tukaijadili kwa muda, tukaishia hapa:

"Saa yangu ilikuwa haifiki asubuhi, nikaitibu kwa kila dawa niliyoijua, lakini ugonjwa haukuwa ndani ya saa, ulikuwa kwenye namna ilivyoning'inia ukutani."

Ukiwa na sentensi kama hiyo, kazi ya kupunguza inakuwa rahisi. Kila ulichotaka kusema unakiweka mbele yake na kuuliza: nikikitoa, sentensi inavunjika? Historia ya saa haikuvunja chochote. Nikamwambia, "Mzee, hii tuitoe." Akanijibu, "Mwanangu, hiyo ndiyo tamu yenyewe." Tukaitoa, ingawa alikuwa akiirudia kila tulipokutana.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika sentensi yenye "na pia". Ukiiona "na pia", una hotuba mbili. Chagua moja, nyingine iweke akiba.

Hatua ya 3: Gawa sekunde 400 kabla ya kutafuta picha

Panga vikaratasi 20 mezani, safu nne za vitano vitano. Usianze kujaza kuanzia cha kwanza. Anza kwa kupigilia nguzo, yaani slaidi ambazo mahali pake hapahami:

Slaidi ya 1 inaanzia ndani ya tukio. Hakuna slaidi ya jina lako wala ya shukrani. Jina lako litatajwa na anayekukaribisha. Slaidi ya 3 ndiyo mwisho wa muda wa kuuliza swali, kwa maana ikipita dakika moja watu hawajajua wanasubiri nini, wanaanza kutazama simu. Mgeuko mkubwa unakaa kati ya 14 na 16. Ukiuweka kwenye 10 utabaki na dakika tatu za maelezo yasiyo na mvuto, na ukiuweka kwenye 19 hutakuwa na nafasi ya kuwaacha watu waumeze. Slaidi ya 20 ni picha unayotaka ibaki machoni, na maneno yake ndiyo machache kuliko yote.

Halafu weka slaidi mbili za pumzi, mimi huziweka kwenye 10 na 17. Hizi zina sentensi moja tu, au hazina kabisa. Ukifika hapo umechelewa kwa sekunde sita, ndipo unapozilipa. Ukifika hujachelewa, kimya chenyewe kinafanya kazi.

Ramani ya mzee ilitoka hivi:

1. Saa ukutani, mishale imeganda saa tisa na dakika kumi.
2. Nyumba nzima inaamka kwa saa hii, leo wamechelewa.
3. Swali: kwa nini haifiki asubuhi?
4. Dawa ya kwanza: kuitia ufunguo zaidi, kila jioni.
5. Inasimama mapema kuliko jana.
6. Labda ni vumbi, anaifungua mlango.
7. Dawa ya pili: mafuta.
8. Mafuta mengi mno. Yamegandana na vumbi kwenye magurudumu.
9. Sasa haifiki hata saa nne.
10. Pumzi: chumba usiku, mlio umekoma.
11. Dawa ya tatu: kwa fundi.
12. Fundi ameisafisha, kwenye karakana yake imetembea wiki nzima.
13. Inarudi nyumbani.
14. Inasimama usiku ule ule. Swali linageuka: nyumbani kuna nini?
15. Anaacha kuitazama, anaisikiliza.
16. Pimamaji juu ya saa: imelala upande.
17. Pumzi: anasogeza kitako cha saa kidogo kidogo, mlio.
18. Kumbe kila alipoitia ufunguo, mkono wake uliisukuma.
19. Asubuhi, saa inagonga.
20. Alama mbili za penseli ukutani.

Kwa wasiojua saa hizi: pendulamu ikibembea sawa, "tiki" na "taki" zinaachana kwa nafasi ileile. Saa ikining'inia upande, mlio unachechemea, tiki-taki, kimya, tiki-taki, kimya, na nguvu ya kusukuma pendulamu inapungua upande mmoja hadi inakufa. Mafundi hutundika saa sawa, basi kwao inatembea bila shida. Ukishaisawazisha, unaweka alama za penseli ukutani pembeni mwa kitako chake ili ujue ikihama. Tazama namna slaidi ya 18 inavyorudi kuigonga ya 4: dawa ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikizidisha ugonjwa. Kitu kama hicho ukikipata, kipe slaidi yake peke yake. Mzee alikuwa amekifunga ndani ya mabano kwenye slaidi ya 31.

Angalia pia kwamba dawa ni tatu. Yeye alikuwa amejaribu tano. Mbili tulizitupa kwa sababu zilishindwa kwa njia ile ile kama nyingine, na kushindwa kwa aina moja mara mbili hakumpeleki msikilizaji popote.

Hatua ya 4: Jaribio la "halafu"

Weka kidole kati ya kikaratasi na kikaratasi, sema neno linaloviunganisha. Likiwa "lakini", "kwa hiyo" au "kumbe", uzi umeshika. Likiwa "halafu" au "vilevile", hapo kuna ufa. Uzi ukikatika sehemu mbili kati ya 19, si neno. Ukikatika sehemu tano, rudi hatua ya 2.

Kwa mzee: imesimama, *kwa hiyo* anaitia ufunguo zaidi, *lakini* inasimama mapema, *kwa hiyo* anashuku vumbi, *kwa hiyo* mafuta, *lakini* yanagandana. Nyufa zilikuwa mbili tu, moja kati ya 1 na 2, nyingine kati ya 15 na 16. Ya kwanza tukaiacha. Ya pili ilitusumbua, kwa sababu kutoka kusikiliza hadi kuchukua pimamaji kuna hatua ya akili iliyokosekana. Ikabidi mwisho wa slaidi ya 15 aongeze maneno sita: "Saa hii inachechemea kama mtu mlemavu." Kisha akasita mwenyewe, akasema ana rafiki anayetembea kwa gongo na hapendi kumtumia kama mfano wa ubovu. Ikawa "Saa hii inatembea kama kiti kibovu." Kiti kibovu hukaa upande, pimamaji likaja lenyewe.

Hatua ya 5: Andika maneno, slaidi mbili mbili

Ukiandika slaidi moja moja utapata vihotuba 20. Andika mbili kwa pamoja, ili ya kwanza iache mlango wazi na ya pili iuingie. Hivi ndivyo mzee alivyoandika ya 13 mara ya kwanza: "Katika slaidi hii mnaona saa yangu baada ya kurudishwa kutoka kwa fundi, ambapo kwa bahati mbaya tatizo liliendelea kujitokeza kama awali." Watu wanaiona saa. Huna haja ya kuwaambia wanaiona. Na tatizo limetajwa kabla halijatokea, kwa hiyo slaidi ya 14 imekufa.

Tukaandika upya. Slaidi ya 13, picha ya saa imefungwa kwenye blanketi:

"Nikairudisha nyumbani nimeikumbatia kama mtoto. Nikaitundika pale pale, nikaitia ufunguo, nikakaa kuisikiliza. Saa nne ikagonga. Saa tano ikagonga. Saa sita nikasubiri igonge."

Maneno 22. Kwa mwendo wa mzee, pamoja na vituo, sekunde 16. Ananyamaza. Picha inabadilika yenyewe, saa iko ukutani, mishale imeganda. Slaidi ya 14:

"Haikugonga. Kwa fundi ilitembea siku saba, kwangu haikufika saa sita. Saa ni ile ile, ufunguo ni ule ule. Nikajiuliza: nyumbani kwangu kuna nini ambacho kwa fundi hakipo?"

Kile kimya cha sekunde nne kabla ya "Haikugonga" ndicho kilichowafanya watu wacheke siku ile. Hakikuwa ajali. Maneno yalikatwa ili kipatikane.

Usifanye mlango wazi kila slaidi. Ukiwafanyia watu hivyo mara 19 watachoka kushtuliwa. Mimi hutumia mara tatu, na mojawapo lazima iwe kuelekea kwenye mgeuko. Kwingineko maliza sentensi yako ndani ya slaidi yake, utulie.

Onyo: usiandike sentensi inayokatizwa katikati na mabadiliko ya picha. Siku ya tukio hutajua kama uko mbele au nyuma, na sentensi iliyokaa mpakani ndiyo ya kwanza kukutoa jasho. Weka nukta kabla ya mpaka.

Hatua ya 6: Picha

Hapa sitakawia. Picha moja kwa slaidi, ijae kioo chote, bila maandishi, au yakizidi sana neno moja au tarakimu moja. Vidokezi vilivyoorodheshwa havifai kabisa: watu watasoma orodha kwa sekunde saba na kukusubiri kwa 13, au watasoma wasikusikilize. Ukiwa na chati, ibakize mstari mmoja na rangi moja.

Picha isionyeshe neno kwa neno unachosema. Unaposema "nikajiuliza nyumbani kuna nini", usiweke alama kubwa ya kuuliza. Onyesha ukuta.

Unaruhusiwa kurudia picha. Jambo likihitaji sekunde 40, weka picha ile ile kwenye slaidi mbili. Mzee alifanya hivyo kwa 15 na 16, picha moja ya saa, ila ya pili ina pimamaji juu yake. Zaidi ya mara moja katika hotuba nzima itaonekana kama umeishiwa picha.

Hatua ya 7: Seti muda

Sasa fungua kompyuta. Katika PowerPoint nenda `Transitions`, chagua `None`, toa tiki kwenye `On Mouse Click`, weka tiki kwenye `After` na uandike `00:20.00`, kisha `Apply To All`. Madoido ya kubadilisha slaidi yaache, maana yanakula muda wake juu ya sekunde 20, na ukizidishiwa sekunde moja kila mara mpangilio wote unasogea. Kwenye `Slide Show` hakikisha `Use Timings` ina tiki. Bila hiyo slaidi ya kwanza itakaa hapo hadi kesho.

Ongeza slaidi nyeusi mwanzoni, iite slaidi sifuri. Hiyo peke yake irudishie `On Mouse Click` na uitoe `After`. Inakaa kioo kikiwa cheusi wakati unapanda jukwaani, na hesabu inaanza unapobofya. Wengi huanza bila hiyo, na sekunde nane za slaidi ya 1 zinaishia kwenye kurekebisha kipaza sauti. Ila waulize waandaaji kwanza: kama wanaunganisha wasilisho za watu wote kwenye faili moja, huenda wana yao tayari.

Google Slides ina mtego. Orodha yake ya kuendesha slaidi zenyewe ina sekunde 15 na 30, lakini 20 haimo. Njia ni kwenda `File`, `Share`, `Publish to web`, kuchagua muda wowote, kisha kubadilisha mwisho wa kiungo ulichopewa uwe hivi:

```
pub?start=false&loop=false&delayms=20000
```

Hizo ni milisekunde. Kumbuka kwamba ukichapisha namna hii, yeyote mwenye kiungo anaona slaidi zako. Kama hutaki hilo, nakili kila slaidi mara moja ili ziwe mbili mbili na uweke sekunde 10; watazamaji hawataona tofauti.

Ukishamaliza, ziendeshe zote bila kusema neno huku umeshika saa. Zikifika mwisho kwa dakika 6 na sekunde 40, sawa. Zikizidi, kuna slaidi yenye madoido uliyoisahau.

Hatua ya 8: Mazoezi

Mara ya kwanza soma kwenye karatasi, slaidi zikitembea, na ujirekodi. Usisimame hata ukiharibu. Kisha sikiliza huku unaandika pembeni ya kila namba: umemaliza mapema, sawasawa, au umevuka. Usihangaike na slaidi moja iliyovuka. Tafuta mfululizo. Ukichelewa sekunde mbili tu kila slaidi, ikifika ya 10 umebaki nyuma slaidi nzima, na maneno yako yote yanazungumzia picha iliyokwisha ondoka. Mimi lilinipata mara yangu ya kwanza: nilikuwa nikieleza kwa uchungu kabisa juu ya ajali huku nyuma yangu kuna picha ya keki ya harusi. Sikujua watu wanacheka nini.

Dawa ya kuvuka ni kukata sentensi. Kusema haraka si dawa, kwa sababu siku ya tukio moyo ukidunda tayari utaongeza kasi, na hutakuwa na akiba yoyote.

Mara ya tatu au ya nne weka karatasi chini. Usikariri neno kwa neno. Kariri sentensi ya kwanza ya kila slaidi na ya mwisho ya zile tatu zenye mlango wazi. Ya katikati yatakuja. Mara ya mwisho fanya bila kutazama kioo kabisa, ukimwekea mtu mmoja mbele yako. Akikatiza kwa kucheka au kushangaa, hapo panahitaji nafasi zaidi. Kata neno au mawili.

Mambo yakienda mrama

*Nimebaki nyuma katikati ya hotuba.* Achia sentensi uliyokuwa nayo, hata kama ni nzuri. Tazama picha iliyopo, sema sentensi yake ya kwanza. Hakuna anayejua ulichoruka isipokuwa ukisema "samahani, nimechelewa kidogo", na maneno hayo yenyewe yanakula sekunde tatu.

*Nimemaliza, slaidi haijaondoka.* Nyamaza. Sekunde tano jukwaani unaziona kama dakika, lakini watu wanatazama picha. Kosa ni kujaza kwa "yaani" na kuanza jambo jipya.

*Slaidi ziliruka mbili kwa pamoja.* Umegusa rimoti au kibodi. Kutoa tiki kwenye `On Mouse Click` kunazima kubofya kwa kipanya tu. Vitufe vya mishale bado vinasogeza. Ukishaanzisha, weka rimoti mezani, usitembee nayo.

*Kompyuta ya ukumbini haifuati muda wangu.* Hutokea faili inapofunguliwa kwa programu nyingine. Kabla ya siku hiyo hamisha wasilisho, bila slaidi sifuri, kuwa video ukitumia muda uliouseti, uwe nayo kwenye fleshi. Video ya dakika 6 na sekunde 40 haiwezi kubadilika mkononi mwa mtu.

*Nina slaidi 23 na zote ni za lazima.* Hazipo hivyo. Tafuta majirani wawili wanaounganishwa na "halafu". Mmoja wao ndiye anayeondoka. Ukikosa, tazama zile za kabla ya swali lako. Mara nyingi hotuba inaanzia kwenye ya 4 na wewe hujajua.

*Waandaaji wanataka sekunde 15.* Huo ni mtindo wa Ignite, slaidi 20 kwa dakika tano. Ramani yako inabaki ile ile na nguzo haziondoki. Maneno ndiyo yanayopungua kwa robo nyingine, na slaidi za pumzi zibaki, usizile.

*Watu walipiga makofi lakini hakuna aliyeuliza swali.* Muulize mmoja wao kesho yake akusimulie ulisema nini. Akikupa sentensi iliyo karibu na ile ya hatua ya 2, hotuba ilifika. Mzee alimuuliza mjukuu wake, akaambiwa: "Babu, ulikuwa unaisukuma mwenyewe."